Hesabu Sekunde: Jinsi ya Kutuliza Droni Inayopanda na Kushuka

Ifunge droni kati ya nyaya mbili za chuma zilizosimama wima, uiamuru ikae sentimeta 80 juu ya sakafu, kisha usogee nyuma uitazame. Ikiwa namba za kidhibiti chake hazijapangwa vizuri, haitakaa. Itapanda kupita ulipoitaka, itashuka chini yake, itapanda tena. Fundi asiyezoea huanza kubadilisha namba kwa kubahatisha, huku akiongeza hii na kupunguza ile, mpaka jioni inamkuta hajui tena alianzia wapi. Mwenye uzoefu hatazami umbali inaocheza. Anatoa saa na kuhesabu sekunde kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, kwa sababu muda huo ndio unaomwambia namba ipi imezidi.

Kidhibiti kinachofanya kazi hii huitwa PID, na herufi zake tatu ni kazi tatu zinazojumlishwa. P huangalia tofauti iliyopo sasa hivi kati ya kimo kinachotakiwa na kimo kilichopo, ikasukuma mota kwa kadiri ya tofauti hiyo. D huangalia kasi: droni ikikimbia kupanda, D hupunguza nguvu kabla haijafika, na ikianguka, huongeza. I hujumlisha tofauti zote tangu mwanzo, ili kasoro ndogo isiyokwisha, kama betri inayochoka, ipate wa kuishughulikia. Mawazo haya ni ya zamani kuliko droni. Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha hesabu zake za usukani wa meli unaojiendesha baada ya kuchunguza jinsi manahodha wanavyoshika usukani. Aliona kwamba nahodha hodari hafuati kosa la sasa tu, bali huzingatia pia kasi ambayo meli inageuka nayo na kosa lililokuwa likiendelea tangu awali.

Lakini kimo cha droni kina tabia ambayo wengi huisahau wanapoanza. Nguvu ya mota haitoi kimo. Haitoi hata kasi. Inatoa mchapuko, yaani badiliko la kasi. Ukiongeza nguvu kidogo juu ya ile inayotosha kuibeba, droni haipandi sentimeta kadhaa ikasimama. Inaanza kupanda, na inazidi kupanda kwa kasi kubwa zaidi na zaidi mpaka uiondolee nguvu hiyo. Kwa sababu hii P peke yake haiwezi kutuliza kimo. Droni ikiwa chini ya lengo, P inasukuma juu; ikifika kwenye lengo, P inaacha kusukuma, lakini kasi iliyokwisha kupatikana bado ipo, kwa hiyo inapitiliza. Ikishuka, hali ni ile ile kwa upande wa pili. Na kwa kuwa mota huchelewa kidogo kuitikia, kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia.

Hapo ndipo kanuni mashuhuri ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942 inapowaponza watu. Kanuni hiyo inasema zima I na D, ongeza P mpaka mfumo uanze kuchezacheza bila kukoma, kisha piga hesabu zako kutokana na P hiyo. Kwa tanuri au tangi la maji inafaa. Kwa kimo cha droni, P peke yake huchezesha tangu namba ndogo kabisa, hivyo hakuna mahali pa kuanzia hesabu. Kwenye kimo tunaanza na D.

Tuchukue droni ya mfano tuifuate mpaka mwisho. Ina mota nne, uzito wake pamoja na betri ni kilo 1.2, na betri yake ina seli tatu: volti 12.6 ikijaa. Nguvu ya mota tunaiandika kama namba kuanzia 0 hadi 1. Kazi ya kwanza ni kujua nguvu inayotosha tu kuibeba hewani bila kupanda wala kushuka. Fundi anaifunga droni juu ya kijiti chembamba chenye urefu wa mita moja, kilichosimikwa kwenye tofali zito, na tofali liko juu ya mizani. Kijiti ni kirefu ili upepo wa propela utawanyike kabla ya kugonga mizani na kuharibu kipimo. Kisha anaongeza nguvu polepole. Mizani ikipungua kilo 1.2 kamili, amepata namba yake. Kwa droni yetu ni 0.5. Tuiite nguvu ya kuelea.

Namba hii ina thamani kuliko inavyoonekana. Kidhibiti kikiijua mapema, P, I na D hubaki na kazi ya kurekebisha mapungufu madogo tu. Kisipoijua, I italazimika kuitafuta yenyewe kutoka sifuri, na hapo tatizo la pili la makala hii, la I kujaa, linakuwa limeshakaribishwa mlangoni. Vilevile inatuambia droni ina ukali gani. Kama nguvu 0.5 inashinda mvutano wote wa dunia, basi kila nyongeza ya 0.1 inatoa mchapuko wa karibu mita 2 kwa sekunde, kila sekunde.

Sasa fremu ya majaribio. Nyaya mbili za chuma zimekazwa kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, na droni ina pete nne za plastiki zinazoteleza juu ya nyaya hizo. Inaweza kupanda na kushuka tu. Haiwezi kuinama wala kukimbia upande. Juu kuna kizuizi chenye sponji kwenye mita 1.2, chini kingine kwenye sentimeta 30. Wavu unazunguka fremu yote, na mtu wa pili anakaa na swichi ya kukata umeme mkononi, hana kazi nyingine. Propela ya inchi 10 inayozunguka kwa nguvu ya nusu inakata kidole. Fundi anayefanya kazi hii peke yake anafanya vibaya, hata kama amefanya hivyo kwa miaka bila kuumia.

Kimo kinapimwa na sensa ya leza inayotazama sakafu, kwa mfano ile iitwayo VL53L1X, inayoweza kupima mara 50 kwa sekunde. Droni nyingi zikiwa nje hutumia kipima shinikizo la hewa, lakini ndani ya karakana kipimo hicho kinadanganya. Karibu na usawa wa bahari, kupanda mita moja hupunguza shinikizo kwa paskali 12 hivi tu. Mtu akifungua mlango, au feni ikigeukia upande wenu, au upepo wa propela zenyewe ukipiga juu ya sensa, shinikizo linabadilika kiasi cha kutosha kuifanya droni iamini kwamba imepanda au kushuka. Utatumia mchana mzima kurekebisha namba kwa ajili ya mlango.

Leza nayo ina kelele yake. Vipimo viwili vinavyofuatana vinaweza kupishana sentimeta moja ingawa droni haijasogea. Kwa P sentimeta moja si kitu. Kwa D ni jambo zito, maana D inagawanya badiliko hilo kwa muda kati ya vipimo, yaani sekunde 0.02, na kupata kasi ya nusu mita kwa sekunde ambayo haipo. Ndiyo maana kasi inachujwa kabla ya kupewa D: kichujio kinalainisha mirukoruko. Kila kichujio kinalipisha kwa kuchelewesha habari. Ukijumlisha ucheleweshaji wa mota, wa sensa na wa kichujio, droni yetu iko nyuma ya ukweli kwa karibu sekunde moja ya kumi. Ucheleweshaji huo ndio mzizi wa karibu kila kuchezacheza tutakakokuona.

Zima P na I. Acha D peke yake juu ya nguvu ya kuelea. Droni sasa haina lengo la kimo. Inachukia mwendo tu. Isukume kwa kijiti kirefu: ikiwa D ni ndogo mno, itateleza kama haina breki, na kadiri unavyoongeza D inazidi kuwa nzito mkononi, kana kwamba imezamishwa katika mafuta. Endelea kuongeza. Ikifika karibu na 1, kwenye droni yetu, utausikia mlio wa mota ukibadilika kabla hujaona chochote: sauti iliyokuwa moja inaanza kupanda na kushuka kwa haraka, na fremu inatetemeka. Huo ni mtetemo wa D. Hesabu yake ni mara mbili au tatu kwa sekunde, yaani karibu sekunde 0.4 kutoka kilele hadi kilele. Rudi nyuma mpaka theluthi ya namba hiyo. Tunaandika D ni 0.3.

Kisha ongeza P. Weka lengo sentimeta 80, uliruhusu lipande ghafla hadi mita 1.1, na uangalie grafu ya kimo kwenye kompyuta. P ikiwa 0.1, droni inapanda kwa uvivu na kuchukua sekunde nyingi. Ikiwa 0.45, inapanda bila kupitiliza na inatulia baada ya sekunde mbili hivi. Ukiendelea mpaka 1.2, inafika haraka, inapitiliza, inarudi, inapitiliza kidogo tena, ndipo inatulia. Mawimbi hayo yana urefu wa karibu sekunde 1.1. Ukifika 2, mawimbi hayatulii ila baada ya kurudia mara nyingi, na ukipita 3 yanakua mpaka droni inagonga sponji juu na chini. Muda wake unabaki pale pale karibu na sekunde moja. Hiyo ndiyo saini ya P. Tunairudisha 0.45.

Angalia tofauti ya milio miwili. Mtetemo wa D unasikika, unapasha mota joto, na mara nyingi kimo chenyewe hakionekani kubadilika. Kuchezacheza kwa P kunaonekana kwa macho na mota hazilalamiki. Mtu anayeona droni ikipanda na kushuka kila sekunde moja akaamua kupunguza D anaiondolea breki, na hali inazidi. Nimeona kosa hilo likifanywa na watu wenye elimu kubwa, kwa sababu neno kuchezacheza huwafanya wafikirie kupunguza kila kitu. Wakati mwingine dawa ni kuongeza D kidogo.

Jambo moja la kiufundi kabla ya I. Katika majaribio haya D inapokea kasi ya droni yenyewe, haipokei badiliko la tofauti. Kihesabu vinaonekana kuwa kitu kimoja, lakini lengo likiruka kutoka sentimeta 80 hadi mita 1.1 kwa mara moja, tofauti nayo huruka sentimeta 30 ndani ya kipimo kimoja, na D ingeona kasi ya mita 15 kwa sekunde. Mota zingepigwa hadi mwisho kwa kitambo. Ukiona droni inashtuka kila unapobadilisha lengo na kisha inatulia vizuri, tafuta kosa hili kwenye programu kabla ya kugusa namba.

Sasa I. Bila I, droni yetu itatulia, lakini si mahali hasa tulipotaka. Betri ikishuka kutoka volti 12.6 hadi 10.5, nguvu ya kuelea inapanda kutoka 0.5 hadi karibu 0.6. Upungufu huo wa 0.1 lazima utoke mahali fulani, na kama ni P pekee, droni itashuka mpaka tofauti iwe kubwa kiasi cha kutoa 0.1: yaani sentimeta 22 chini ya lengo. I inakusanya tofauti hiyo taratibu na kuifuta. Kwa droni yetu I ya 0.1 inatosha. Ikipandishwa hadi 1, mawimbi mapya yanatokea, mapana na ya polepole, ya sekunde mbili hadi tatu kila moja. Kwa hiyo sekunde 0.4 ni D, sekunde moja ni P, sekunde mbili au tatu ni I. Namba hizi ni za droni hii. Kubwa itakuwa na zake za polepole zaidi, na ndogo ya kiganjani za haraka zaidi. Mpangilio wao haubadiliki.

Kuna wimbi la nne linalojifanya la I wakati si la I, nalo huzaliwa na fremu yenyewe. Katika karakana moja ya Dar es Salaam nilikuwepo kijana alipolikuta. Droni ilikaa tuli sentimeta tano chini ya lengo kwa sekunde nne, ikaruka hadi sentimeta tano juu, ikakaa tena, ikaanguka.

"Mzee, I imezidi. Niipunguze?"

"Usiiguse kwanza, mwanangu. Itazame inavyokaa. Hiyo imenata. Pangusa nyaya, uzipake mafuta."

Mzee alikuwa sahihi. Pete za plastiki hunata kwenye waya wenye vumbi. Droni ikinata, P inayotokana na sentimeta tano ni ndogo mno kuing'oa, kwa hiyo I inakusanya polepole mpaka nguvu ishinde mnato, na droni inachomoka na kupitiliza. Ukisoma grafu, wimbi halisi la I ni laini kama kilima, lakini hili lina sehemu bapa na ngazi za ghafla. Baada ya kupaka mafuta lilitoweka, bila namba yoyote kubadilishwa.

Mnato huo una hatari nyingine ya kinyume. Msuguano wa nyaya hufanya kazi kama D ya bure. Droni inaweza kuonekana imetulia kabisa kwenye fremu, kisha ikacheza ikitolewa nje, ambako hakuna waya unaoishika. Hivyo baada ya kupata namba zako, zijaribu kwa P iliyoongezwa kwa nusu zaidi. Ikibaki tulivu, una nafasi ya usalama. Ikianza kucheza, fremu ilikuwa ikikusaidia kimyakimya.

Sasa tuingie kwenye I kujaa, maana hili ndilo linalovunja droni, na ndilo linalofichika zaidi kwa kuwa halichezi kabisa. Fundi anataka kuona kama mota zinaitikia. Anaifunga droni kwa kamba kwenye sentimeta 40, anaweka lengo sentimeta 80, anawasha. Tofauti ni sentimeta 40 na haitapungua, kwa sababu kamba hairuhusu. P inatoa 0.45 mara 0.4, yaani 0.18, na inabaki hapo. I inaongeza 0.04 kila sekunde. Baada ya sekunde nane I imefika 0.32, na ukijumlisha nguvu ya kuelea na P, jumla ni 1. Mota zimefika mwisho. Hakuna nguvu zaidi ya kutoa, lakini I haijui hilo. Ni kama daftari la madeni ambalo mwenye duka anaendelea kuandika kila siku bila kuuliza kama mkopaji ana chochote cha kulipa. Baada ya sekunde 15 daftari linasoma 0.6.

Kata kamba. Droni inachomoka kwa nguvu zote. Inapita sentimeta 80 na haipungui, kwa sababu hata ikiwa sentimeta 40 juu ya lengo, P inatoa punguzo la 0.18 tu, wakati I bado inashikilia karibu 0.6. Nguvu ya kuelea 0.5, toa 0.18, ongeza 0.6: jumla ni 0.92, na droni inaendelea kutaka kupanda. D itapunguza kasi, haitaibadilisha safari. Ili P peke yake ilingane na I hiyo, droni ingepaswa kuwa mita 1.33 juu ya lengo. Hapo kwenye fremu inabaki imebanwa kwenye sponji ya juu. I inalipwa polepole kama ilivyokopwa: kwa sentimeta 40 juu, inapungua 0.04 kila sekunde. Mtu aliyeshika swichi ya kukata umeme anapaswa kuikata mara moja, asisubiri ijirekebishe.

Hivi ndivyo unavyoitambua: safari moja kubwa upande mmoja, kisha kurudi kwa uvivu wa sekunde nyingi, bila mawimbi. Lakini njia ya uhakika ni kuchora mistari mitatu kwenye grafu moja, kimo, nguvu ya mwisho ya mota, na thamani ya I. Mahali ambapo nguvu ya mota imelala bapa kwenye kikomo huku mstari wa I ukiendelea kupanda, hapo ndipo I inapojaa. Droni ikionyesha hivyo hata kwa sekunde mbili, usiitoe nje.

Kamba si chanzo pekee. Droni iliyowashwa ikisubiri juu ya meza, lengo likiwa limeshawekwa, inakopa vilevile. Iliyokwisha kutua huku lengo lake liko chini ya sakafu kwa makosa ya sensa inakopa kwa upande hasi, na ukiirusha tena inachelewa kupaa, rubani anaongeza nguvu, kisha inaruka juu kwa ghafla. Betri iliyochoka ikiombwa kupandisha mzigo mzito inafikisha mota kwenye kikomo na kufungua daftari lile lile.

Dawa yake iko kwenye programu, wala si ndefu. I isikusanye kama droni haiko angani. Isikusanye kama mota zimefika kikomo na tofauti bado inavuta upande ule ule. Na iwekewe mpaka usiopita mahitaji halisi ya droni. Tulishaona betri inahitaji 0.1, tuipe nafasi kidogo, tuseme 0.15.

```
float e  = lengo - kimo;
float u0 = hover + Kp*e + I - Kd*kasi;
float u  = constrain(u0, 0.15, 0.95);
bool imejaa = (u0 > u && e > 0) || (u0 < u && e < 0);
if (angani && !imejaa)
  I = constrain(I + Ki*e*dt, -0.15, 0.15);
```

Kikomo cha juu hapa ni 0.95 badala ya 1 kwa makusudi. Mota nne hizo hizo ndizo zinazoiweka droni isiinuke upande, na zikifika mwisho zote kwa pamoja kwa ajili ya kimo, hakuna kinachobaki cha kuzuia isipinduke. Kwenye fremu huwezi kuligundua hilo kwa sababu nyaya zinaishika. Nje utaligundua mara moja.

Rudia jaribio la kamba ukiwa na mistari hiyo. I inapanda hadi 0.15 na kusimama. Ukikata kamba, droni inapanda kwa haraka na kupitiliza lengo, lakini kosa kubwa kabisa ambalo I hiyo inaweza kulishikilia dhidi ya P ni 0.15 kugawanya kwa 0.45, yaani sentimeta 33, nalo linapungua kila sekunde inayopita. Haifiki kubanwa kwenye sponji.

Wengi hawaandiki kidhibiti chao wenyewe. Wanatumia programu huria kama ArduPilot, na pale mambo yamegawanywa kwa ngazi. Ngazi ya juu inabadilisha kosa la kimo kuwa kasi inayotakiwa, ya kati inabadilisha kosa la kasi kuwa mchapuko unaotakiwa, na ya chini kabisa ndiyo PID yenye I, inayogeuza mchapuko kuwa nguvu ya mota. Katika matoleo ya 4 yaliyoenea, namba za ngazi ya chini zinaitwa `PSC_ACCZ_P` na `PSC_ACCZ_I`, na nguvu ya kuelea ni `MOT_THST_HOVER`, ambayo programu hujifunza yenyewe droni ikielea. D yetu ya breki imekuwa P ya ngazi ya kati, `PSC_VELZ_P`. Utaratibu ni ule ule: breki kwanza, kimo baadaye, I mwisho.

Watengenezaji wake wanashauri kwamba kama droni ina nguvu nyingi kiasi cha kuelea chini ya 0.3, `PSC_ACCZ_P` ilinganishwe na `MOT_THST_HOVER`, na `PSC_ACCZ_I` iwe mara mbili yake. Sababu yake tumeiona kwenye mizani: kadiri nguvu ya kuelea inavyokuwa ndogo, ndivyo kila nyongeza ndogo ya nguvu inavyotoa mchapuko mkali zaidi, na namba za kidhibiti lazima zipungue kwa kiwango kile kile. Droni iliyopangwa ikiwa na kamera kisha ikavuliwa kamera hiyo imekuwa droni nyingine. Hata kuihamisha inatosha. Dar es Salaam iko pwani, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Propela zinapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi, nguvu ya kuelea inapanda, na akiba iliyobaki kabla ya mota kufika kikomo inapungua. Mfumo ambao haukujaza I pwani unaweza kuijaza huko juu, kwa mzigo ule ule na betri ile ile.

Fremu haiwezi kukupa upepo wa nje, wala mto wa hewa ulio karibu na ardhi, ambao huibeba droni inapokuwa chini ya nusu mita hivi na kuiachia ikipanda, wala tabia za kipima shinikizo kikipigwa na jua na upepo. Kwa hiyo safari ya kwanza ya nje inafanywa asubuhi hewa ikiwa imetulia, droni ikiwa mita tatu juu ya ardhi, kipima shinikizo kikiwa kimefunikwa kwa kipande cha sponji yenye matundu. Iache ielee dakika moja, ipandishe mita moja, ishushe mita moja, itue. Kisha fungua kumbukumbu ya safari kwenye kompyuta. Katika ArduPilot weka `CTUN.DAlt`, kimo kilichotakiwa, juu ya `CTUN.Alt`, kimo kilichopatikana, na chini yake `CTUN.ThO`, nguvu iliyotolewa, pamoja na `PIDA.I`. Kama mistari miwili ya kwanza inafuatana na kuna wimbi, pima sekunde zake kutoka kilele hadi kilele. Kama hakuna wimbi lakini `PIDA.I` inapanda huku `CTUN.ThO` imelala bapa karibu na 1, irudishe droni mezani, uipime upya kwenye mizani.